Kumvalisha Mzee Koti Pichani Bila Kumvua Uzee Wake

Katika studio nyingi za picha za Kariakoo kuna folda moja ambayo kila mhariri huirithi kwa aliyemtangulia, nayo ni folda ya suti zisizo na vichwa. Mteja anapoleta picha ya baba yake aliyevaa singlendi, mhariri hukikata kichwa, hukiweka juu ya ukosi wa suti mojawapo, hulainisha maungio ya shingo, na kazi huisha ndani ya dakika kumi. Kwa kijana wa miaka 25 mbinu hiyo mara nyingi hupita bila mtu kushtuka. Kwa mzee wa miaka 80 haipiti, na sababu yake haiko usoni. Suti zile zilipigwa zikiwa zimevaliwa na vijana waliosimama wima, mabega yakiwa sawa na kidevu kikiwa juu, ilhali mzee hakai hivyo, na kichwa chake hakitoki mwilini kwa pembe hiyo.

Jambo hili nililijua kwa kuumiza watu. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa picha ya mama mmoja aliyefariki akiwa na umri mkubwa, nami nikatakiwa nimbadilishie gauni alilokuwa amevaa nyumbani. Nilichukua gauni la kitenge kutoka picha ya mwanamke mwingine, nikalipanga vizuri, nikainua bega lake moja lililokuwa chini ili shingo ya gauni ikae sawa, kisha nikapunguza mistari ya shingoni kwa sababu haikuungana na kitambaa. Binti yake aliitazama kwa muda, akasema kwa upole kwamba yule alikuwa mama yake mdogo, si mama yake. Waliichukua kwa kuwa maziko yalikuwa kesho yake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni hatua gani hasa ilinipotosha, na jibu nililipata kwa fundi cherehani ambaye kibanda chake kiko hatua chache kutoka studio yetu.

Fundi huyo aliniambia kwamba mteja mwenye mgongo uliopinda hakatiwi koti kwa kipimo cha kawaida. Nyuma huongezewa urefu, kwa sababu kitambaa kinapaswa kuupanda mgongo na kuushuka, na mbele hupunguzwa, kwa sababu kifua kimeingia ndani na umbali kutoka shingoni hadi tumboni umekuwa mfupi. Usipofanya hivyo, pindo la mbele litaning'inia chini kuliko la nyuma, na ukosi utaachana na shingo kwa nyuma na kubaki wazi kama mdomo wa mfuko. Fundi hubadilisha kitambaa ili kiufuate mwili, wala hamwambii mzee anyooshe mgongo. Nikaona kwamba mimi nilikuwa nimefanya kinyume chake: nilikuwa nimeukata mwili ili uifuate nguo. Kanuni ninayoifuata sasa imetoka hapo. Badiliko lolote ambalo fundi mzuri angeweza kulifanya kwenye kitambaa naliruhusu, na badiliko lolote ambalo lingelazimu kuugusa mwili nalikataa, hata kama kazi itachukua saa tano badala ya moja.

Nitaieleza kanuni hiyo kwa kazi moja niliyoifanya tangu mwanzo hadi mwisho. Familia ya Mbagala ilikuwa na picha ya babu yao mwenye umri wa miaka 84, iliyopigwa na mjukuu wake kwa simu, saa nne asubuhi, mzee akiwa ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki. Alivaa msuli, kofia ya kiua, na fulana ya njano ya tangazo iliyochakaa na kulegea shingoni. Mkono wa kulia ulishika mkongojo. Uso wake ulikuwa umeielekea kamera, ukiwa na ule utulivu wa mtu anayemsikiliza anayempenda, na ndiyo sababu familia haikutaka picha nyingine. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Kilwa. Walitaka avalishwe shati na koti ili picha itundikwe sebuleni.

Kabla ya kufungua faili niliwaomba wampigie simu. Wengine huliona hili kama adabu tu, lakini linabadilisha kazi yenyewe, kwa kuwa mtu mzima anayeishi ana neno kuhusu atakavyoonekana, na neno lake huondoa ubishi wa wanawe. Baada ya shikamoo na habari za huko, mzee alisema avalishwe koti lake mwenyewe la kijivu lililobaki Mbagala, shati jeupe, bila tai, msuli uachwe ulivyo, na mkongojo usiguswe. Mwanawe mkubwa alikuwa amekuja na wazo la kuuondoa mkongojo kwa sababu, kwa maneno yake, unamwonyesha baba kama mgonjwa. Neno la mzee lilimaliza hoja hiyo. Ingeishia vilevile hata kama mzee asingesema lolote, kwa sababu ambayo itaonekana tunapoufikia mkao wake.

Mkao wa mzee una sababu zake ndani ya mwili. Diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hupungua unene kadiri miaka inavyokwenda, na pingili zenyewe, mifupa inapopungua uzito, huweza kubonyea upande wa mbele. Mgongo wa juu hupinda, kichwa hutangulia mbele ya mabega, na ili macho yasibaki yakitazama ardhini, mzee huinua uso, hivyo kidevu hutokeza. Mabega nayo huzungukia mbele. Kwa mtu anayetazamwa kutoka mbele, mambo hayo yote huonekana kama shingo fupi: kidevu kimeshuka karibu na mstari wa mabega, na sehemu kubwa ya ukosi imejificha nyuma yake. Mhariri anayetumia suti ya kijana hukuta shingo ndefu iliyobaki wazi juu ya ukosi, akaijaza kwa ngozi ya kubuni, na papo hapo mzee huonekana amesimamishwa na mtu aliyemshika nyuma ya kichwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuusoma mwili uliokuwa chini ya fulana. Picha ilikuwa na pikseli 3024 kwa 4032. Niliifungua katika Photoshop, nikaweka leya tupu, yaani tabaka lisilo na kitu, juu yake na kuchora kwa brashi nyembamba mistari michache: wa bega hadi bega, wa katikati ya kifua, na ule wa nje wa mgongo, ulioonekana kidogo nyuma ya bega la kushoto kwa kuwa kiwiliwili kilikuwa kimegeuka. Bega la kulia lilikuwa juu kuliko la kushoto kwa pikseli 47. Hapo ndipo mkongojo unapoingia. Mtu akiegemea fimbo, mkono unaokandamiza hulisukuma bega lake juu, na upande wa pili hushuka. Ukiuondoa mkongojo ukaliacha bega, mzee ataonekana ana ulemavu ambao hana. Ukilishusha bega ili lilingane na lingine, utalazimika kuivuta shingo, kisha taya, kisha uso. Kitu kimoja kinachoonekana kuwa pambo ndicho kinachoeleza mkao mzima.

Kisha nilihitaji kipimo, kwa sababu nguo iliyokosewa ukubwa humfanya mzee aonekane kama mtoto au kama sanamu, na jicho haliwezi kulikadiria hilo peke yake. Njia rahisi ninayoitumia ni mboni za macho. Kwa mtu mzima, umbali kati ya mboni moja na nyingine ni wastani wa milimita 63, na haubadiliki sana uzeeni. Katika picha hii, ambamo uso uliielekea kamera, umbali huo ulikuwa pikseli 210. Ukigawanya, kila milimita moja ilikuwa na pikseli tatu na kitu. Kifungo cha mbele cha koti la kiume kwa kawaida kina upana wa milimita 20, kwa hiyo kilipaswa kuwa na pikseli kama 67. Kifungo cha shati, chenye milimita 11 hivi, kilipaswa kuwa na pikseli 37 hivi. Si hesabu ya kihandisi, kwa kuwa watu hutofautiana, lakini kifungo cha koti kikitokea kuwa na pikseli 90 unajua mara moja kwamba umemvalisha mzee koti la jitu.

Koti lenyewe sikulichukua kwenye folda. Nilimwomba yule mjukuu alete koti la babu yake na shati jeupe, akaketi kwenye baraza ileile, kiti kilekile, saa nne asubuhi, ubavu uleule ukiwa upande wa wazi wa baraza unakotoka mwanga. Kamera iliwekwa usawa wa kifua, mita mbili kutoka kwake, kama ilivyokuwa mwanzo. Nilimwomba ainame kama babu yake, mkono wa kulia ukiwa umeshika fimbo na kuikandamiza kwelikweli. Jambo hili la mwisho ndilo watu hulipuuza. Mkono ukishika fimbo bila kuikandamiza, mkono wa koti hulala tu. Ukikandamiza, mikunjo hutoka kwapani na kuelekea kifuani, na mingine hujikusanya kwenye kiwiko. Mikunjo ya nguo ni kumbukumbu ya nguvu zinazopita mwilini, na mtazamaji huisoma hata kama hajui kwamba anaisoma.

Hata hivyo, kijana akiinama hafanani na mzee aliyepinda. Mgongo wake hujikunja kiunoni, kwa sababu hapo ndipo kwepesi, lakini mgongo wa mzee hupinda juu, kati ya mabega. Kwa hiyo koti lililopigwa lilikuwa karibu na ukweli bila kuwa ukweli, nami nililazimika kulishona upya kwenye kioo cha kompyuta. Nililikata kutoka picha ya mjukuu, nikaligeuza kuwa Smart Object ili kila kosa liweze kurudishwa, kisha nikatumia Puppet Warp. Zana hii hukitandaza kitambaa kama wavu, nawe unapigilia pini pale pasipotakiwa kusogea na kuvuta pale panapotakiwa. Pini za kwanza niliziweka kwenye mishono ya mabega, nikazileta juu ya ile mistari niliyoichora, kulia juu, kushoto chini kwa pikseli zilezile 47. Nyingine niliziweka nyuma ya bega la kushoto, nikauvuta mstari wa nje wa koti uufuate mgongo wa mzee. Mwisho nilipunguza mbele: nilisogeza juu sehemu ya chini ya koti kwa kiasi kidogo, kama fundi alivyonieleza, ili pindo lisilundikane mapajani.

Fulana ya zamani inasaidia sana katika hatua hii. Ukingo wake ndio ramani ya mwili, na koti halipaswi kwenda mbali nao isipokuwa kwa unene wa kitambaa, bitana na pedi ya bega, ambavyo kwa pamoja nilivikadiria kuwa sentimita moja hivi, yaani pikseli 33. Pale koti lilipozidi kiasi hicho nilijua kwamba ninamnenepesha, na pale lilipoingia ndani ya mstari wa fulana nilijua kwamba ninamkata.

Palitokea swali ambalo hakuna kipimo kinachoweza kulijibu. Koti lilishonwa mzee alipokuwa na mwili, na sasa amepungua. Kwa haki, mshono wa bega ungepaswa kuning'inia nje ya ncha ya bega lake. Mwanawe mkubwa alitaka koti likae kama limeshonwa juzi. Nilifikiri juu yake siku nzima. Fundi angeweza kulipunguza koti, kwa hiyo kanuni yangu haikukataza. Lakini wazee wengi wa mji huu wamevaa makoti yaliyowazidi kidogo, na upana ule una heshima yake, kwa kuwa unasema koti ni la mwenyewe na amelivaa miaka mingi. Niliacha bega lizidi kwa sentimita moja na nusu na kulipunguza kiunoni tu. Sidai kwamba mhariri mwingine angekosea kuamua vingine. Ningesema amekosea kama angejaza nafasi ile kwa kumpanua mzee mabega.

Shingoni ndipo kazi hizi nyingi hufa. Shingo ya mzee imepungua mafuta, ngozi imelegea na kufanya mikunjo miwili mirefu inayoshuka kutoka chini ya kidevu, na kano za pembeni zimejitokeza. Shati la mjukuu lilikuwa limebana shingo nene ya kijana. Ukiliweka vilevile, ukosi utazikata zile ngozi mbili kwa mstari mkali, kama kisu. Nilifungua kifungo cha juu, jambo lililowezekana kwa kuwa mzee alikataa tai, nikaupanua ukosi mpaka ukaachana na shingo kwa upana wa kidole kimoja, na ndani ya nafasi hiyo nikarudisha shingo yake kutoka picha ya kwanza. Ukosi wa mzee aliyekonda huachana na shingo, na nafasi hiyo yenye kivuli ndiyo humfanya mtazamaji aamini kwamba nguo imemzunguka mtu mzima wa pande zote badala ya kubandikwa mbele yake. Kwenye Layer Mask, yaani maski inayoamua sehemu gani ya leya ionekane na ipi ifichwe, ukingo kati ya ngozi na kitambaa niliulainisha kwa pikseli moja na nusu tu, kwa sababu ndivyo lenzi ya simu ile ilivyolainisha kingo nyingine zote za picha. Ukingo ulio laini kuliko majirani zake huonekana kama ukungu, na ulio mkali kuliko majirani zake huonekana kama karatasi iliyokatwa.

Ndevu za kidevuni zilinichukua muda kuliko koti. Zilikuwa nyeupe, chache, nyingine zikiwa zimelala juu ya fulana, kwa hiyo kila unywele ulikuwa umebeba unjano wa fulana pembezoni. Juu ya koti la kijivu unjano huo ungetoa mwanga kama taa. Niliondoa rangi kwenye kingo za ndevu pekee, bila kugusa weupe wake, kisha nikachora maski kwa brashi ya pikseli mbili, unywele mmoja baada ya mwingine. Palipokuwa na nywele zilizojipinda vibaya niliziacha zijipinde. Kuzipunguza ndevu ziwe duara safi ni kumnyoa mtu bila ruhusa yake.

Unjano huo ulikuwa na athari nyingine iliyofichika zaidi, na ningependa kuieleza kwa utulivu kwa sababu ndiyo inayofichua picha nyingi ambazo vinginevyo zimefanywa vizuri. Nguo huakisi mwanga kuelekea juu. Fulana ya njano ilikuwa imeipaka rangi ngozi ya chini ya kidevu na taya, na ukimvalisha mzee shati jeupe, unjano ule hubaki hapo bila mwenyewe. Mtazamaji hasemi kwamba kuna mwakisiko usio na chanzo. Husema tu kwamba mzee anaonekana mgonjwa, ana manjano. Mhariri akisikia hivyo hukimbilia kuung'arisha uso mzima, na hapo makunyanzi huanza kupotea, kwa sababu kunyanzi pichani si kitu kingine ila ufito wa kivuli kando ya ufito wa mwanga, na ukikiinua kivuli umelifuta kunyanzi. Nilichofanya ni kuweka leya ya Hue/Saturation yenye maski iliyofunika eneo la chini ya taya tu, nikapunguza unjano kidogo kidogo bila kugusa mwangaza. Rangi ilibadilika na mistari yote ikabaki mahali pake.

Vivuli nilivirudisha kwa leya mbili, zote kwenye Multiply, namna ya kuchanganya leya inayotia giza kilicho chini yake. Cha kwanza ni kile chembamba na kizito mahali kitu kinapogusana na kingine: ukosi na shingo, mkono wa koti na kifundo cha mkono. Cha pili ni kile kipana na chepesi ambacho kidevu hukitupa juu ya shati, nacho kilihitaji ukungu wa pikseli ishirini hivi kwa Gaussian Blur. Rangi ya vivuli sikuichukua kwenye weusi, bali kwenye mikunjo yenye giza ya shati na koti lenyewe, kwa kuwa kivuli cha barazani, ambako mwanga wa anga huingia kutoka ubavuni, huwa na ubuluu kidogo na si masizi.

Zaidi ya ule unjano wa chini ya taya, ngozi ya uso na ya mikono niliamua tangu mwanzo kwamba sitaigusa, nikaiweka kwenye leya yake peke yake. Uso wa mzee wetu una alama ambazo mhariri asiye mwangalifu huziona kama uchafu. Kuna vinundu vidogo vyeusi kwenye mashavu, ambavyo ni vya kawaida kwa watu weusi na huongezeka kwa umri. Kuna duara la kijivu linalozunguka ile sehemu ya jicho yenye rangi, ambalo hutokana na mafuta yanayojikusanya pembezoni mwa konea, na ambalo mtu huweza kulidhani kuwa ni mwakisiko mbaya wa kamera akalifuta. Kuna mishipa ya mgongo wa mkono, inayoonekana kwa sababu ngozi imekuwa nyembamba na mafuta ya chini yake yamepungua. Mkono ule ulioshika mkongojo ulikuwa na kucha moja nene iliyopasuka, na mjukuu alipoiona kwenye kioo changu alicheka, akasema hiyo ni kucha ya babu ya tangu zamani, aliipata kwa nyundo. Laiti ningeisafisha, ningekuwa nimeifuta hadithi ambayo familia nzima inaijua.

Si kila kitu kinapaswa kubaki. Jaribio ninalolitumia ni kujiuliza kama kitu hicho kingekuwepo kesho asubuhi. Tone la uji kwenye ndevu lisingekuwepo, nalo niliondoa. Tongotongo kwenye kona ya jicho la kushoto, vivyo hivyo, kwa kuwa hakuna mzee ambaye angekubali kutundikwa sebuleni akiwa nalo. Pengo la jino lililong'oka lingekuwa bado lipo.

Siku hizi kuna wanaoniuliza kwa nini nisitumie zana zinazochora nguo zenyewe, kama Generative Fill, ambapo unazungushia eneo na kuandika unachotaka. Nimezitumia, na kwa kitambaa zinasaidia. Tatizo lake ni kwamba zinakamilisha picha kwa mazoea, na mazoea yake kuhusu koti ni mabega yaliyonyooka. Ukizungushia eneo linaloingia hata kidogo kwenye shingo au vidole, huchora shingo na vidole vipya, laini na visivyo vya mtu yeyote. Anayezitumia anapaswa kulizungushia kitambaa pekee, kuurudisha mwili wote wa asili juu yake, na kisha kuipitisha kazi kwenye jaribio ambalo naipitisha kila kazi yangu, hata niliyoichora kwa mkono.

Jaribio hilo halina maoni ndani yake. Unachukua picha ya asili, unaiweka juu ya kazi iliyokamilika, mahali palepale, na kubadilisha namna ya kuchanganya leya kuwa Difference. Pikseli zilizo sawa katika picha zote mbili hugeuka kuwa nyeusi tititi, na zile zilizobadilika hutoa mwanga. Koti na shati zitang'aa, kama inavyotakiwa. Uso, mikono, kofia na mkongojo vinapaswa kuwa giza tupu. Kwa kuwa tofauti ndogo hazionekani kwa macho, unaweka leya ya Curves juu yake na kuivuta juu kwa nguvu, ili hata badiliko dogo litokeze. Katika kazi ya mzee wa Kilwa, uso ulikuwa mweusi isipokuwa sehemu nne. Tatu nilizitarajia: chini ya taya, kingo za ndevu pamoja na pale lilipokuwa tone la uji, na kona ya jicho. Ya nne ilikuwa ufito mwembamba kwenye shavu la kulia, mahali ambapo brashi yangu ilipita bila mimi kujua na kupunguza kunyanzi moja refu linaloanzia puani. Nililirudisha. Bila jaribio hili ningeapa kwamba uso sikuugusa.

Kuna mambo ambayo njia hii haiwezi kuyatimiza. Mikono ikiwa imeshika nguo yenyewe, kwa mfano mzee anayekunja ncha ya fulana kwa vidole, huwezi kuibadilisha nguo bila kuvichora vidole upya, na hapo huwa napendekeza picha nyingine. Picha iliyopigwa na simu ambayo programu yake ya urembo ilikuwa imewashwa imekwisha kupoteza makunyanzi kabla ya kunifikia, na siyabuni. Na picha iliyotumwa mara kadhaa kwa WhatsApp huwa imepunguzwa ukubwa, hivyo kuunganisha koti safi na uso uliovunjikavunjika hutoa watu wawili katika picha moja. Katika kazi hii nilikuwa na faili la asili kutoka kwenye simu, na hata hivyo koti lilikuwa safi zaidi kuliko uso, kwa kuwa nililipiga kwa kamera ya studio. Nililiongezea chembechembe kidogo kwa Add Noise, nikilinganisha kwa kukuza picha mara mbili, mpaka kitambaa na shavu vikawa na punje zinazofanana.

Picha ilichapishwa kwa sentimita 30 kwa 40, kipimo ambacho pikseli zile zinakimudu vizuri, zikitoa takriban 256 kwa kila inchi. Niliwapa mbili. Ya pili ilikuwa ile ya asili, yenye fulana ya njano, kwa ukubwa wa kadi ya posta, ndani ya bahasha iliyobandikwa nyuma ya fremu, na juu ya bahasha niliandika tarehe na maneno kwamba shati na koti viliongezwa kwa idhini ya mwenyewe. Mwanawe mkubwa aliishika fremu mlangoni penye mwanga, akaitazama mikono kwanza kabla ya uso, kisha akauliza kama ningeweza kumtumia mzee nakala kwa simu jioni ileile, kwa kuwa alikuwa akiisubiri.